Juu ya ubavu wa sita

Jana mwanangu alikuwa anatafuna mbavu za mbuzi, akageuza mfupa na kuuliza, "Baba, huu uzi uliojificha huku chini ni nini?" Nikamwambia ni mishipa, ale tu. Mimi mwenyewe hamu ya kula ikaisha. Nilimkumbuka yule kijana wa bodaboda.

Nilikuwa intani. Aliletwa usiku, kaumia upande wa kulia, anahema juujuu. Nilipogonga kifua chake kwa kidole, sehemu ya chini ikatoa mlio mzito, kama ukuta. Damu ilikuwa imejaa kati ya pafu na mbavu, ikabidi tuitoe kwa mpira.

Daktari wangu wa zamu, mama asiyependa maneno mengi, akasema, "Hesabu mbavu, usikisie." Nikaanza kwenye kile kitenuo cha mfupa wa kidari, panapojishika ubavu wa pili, nikashuka hadi nafasi ya tano, kati ya ubavu wa tano na wa sita, kisha nikaifuata mpaka chini ya kwapa. Ganzi ikachomwa, ngozi ikakatwa.

"Mpira unapita wapi?"

"Juu ya ubavu wa sita, dokta."

"Kwa nini usipite chini ya wa tano? Nafasi si ni hiyo hiyo?"

Nikamweleza: chini ya kila ubavu kuna mfereji, na humo hulala vena juu, ateri katikati, neva chini kabisa. Ukiichana ateri hiyo, damu inamwagikia kifuani, nawe unaweza kudhani bado ni ile ya ajali.

"Na juu ya ubavu hakuna kitu?"

Nikanyamaza. "Vipo vitawi vidogo," akasema. "Tunachagua hasara ndogo. Haya, endelea."

Nikashusha koleo likiwa limefumbwa mpaka ncha yake ikagonga mfupa. Nikaipandisha kidogo kidogo huku naukwaruza ule mfupa, mpaka ukaisha na ncha ikazama kwenye nyama. Nikasukuma. Ikagoma, ikagoma, halafu ghafla ikaachia, na damu ya moto ikanirukia mkononi. Nikafumbua koleo, nikaingiza kidole. Chini yake niliuhisi ukingo wa ubavu wa sita, laini na wa mviringo. Mbele yake, kila alipovuta pumzi, pafu lilikuja kunigusa ncha ya kidole, kisha likaondoka.

Yaliyobaki yalikwenda haraka: mpira, uzi, chupa yenye maji, usawa wake ukipanda na kushuka kwa pumzi zake. Zilitoka kama mililita 800, kisha damu ikapungua. Zingefika 1,500 kwa mkupuo, tungemkimbiza chumba cha upasuaji.

Kesho yake akaniuliza kwa nini ubavu bado unawaka, ilhali nilimwambia neva tumeikwepa. Nikamjibu kwamba mbavu zilizovunjika zina maumivu yake. Ni kweli. Ila nafasi ile ni nyembamba, mpira ni mnene, na neva haiko mbali. Hilo sikumwambia, na mpaka leo sina hakika kama lingemsaidia.