Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara, naftalini na salfa yenye atomi 5.6

Saa 12 na nusu asubuhi nipo sokoni Mtwara nanunua dawa ya nondo, zile gololi nyeupe za kuwekea kabatini. Muuzaji anashangaa mtu mmoja kutaka pakiti kumi. Namwambia za kazini, naye anacheka: "Huko kazini kwenu mende wamezidi?"

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia katika chuo cha ualimu. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wakufunzi, wanaamini kazi yangu ni kuosha chupa. Naosha kweli, na leo nitaziosha hadi jioni.

Saa 1 nafika na kuzijaribu gololi kwanza. Siku hizi nyingine si naftalini, ni paradiklorobenzini, nayo huganda kwenye nyuzi 53 hivi badala ya 80. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mimi nakoroga chumvi kwenye maji mpaka igome kuyeyuka, kisha natumbukiza gololi moja. Naftalini huelea, ile nyingine huzama. Leo zote zimeelea. Nazisaga, napima gramu 20.00 kwa kila neli, nafungua madirisha yote, basi.

Saa 2 nagawa vifaa. Saa za kupimia muda sita, nyaya za kukorogea, themomita sita. Kila themomita nimeibandika namba kwa selotepu, na mwanachuo mmoja amekwisha kubandua ya kwake.

Saa 3 wanaingia, shikamoo madamu, marahaba, tunaanza.

Kazi ya leo ni kumjua salfa: anapokuwa ametulia, atomi zake hukaa ngapi pamoja? Huwezi kuzihesabu, lakini unaweza kumfanya ajitaje. Kiyeyushi kikichanganywa na kitu kingine huganda kwenye joto la chini kuliko kikiwa peke yake, na kiasi cha kushuka hutegemea idadi ya chembe zilizoingia, si uzito wake. Salfa ndani ya naftalini haiachani kuwa ioni, kwa hiyo molekuli moja inahesabika moja. Naftalini hushuka nyuzi 6.9 kwa kila moli moja ya chembe ndani ya kilo moja. Ndiyo Kf yake. Maji ni 1.86 tu, na salfa haiyeyuki kwenye maji. Tena naftalini haihitaji barafu, na barafu ya Mtwara mchana unaijua mwenyewe.

Kila kundi linayeyusha gramu 20.00 kwenye maji ya moto, linaitoa neli, linaiingiza ndani ya neli kubwa zaidi ili ipoe polepole, linakoroga na kusoma themomita kila nusu dakika mpaka joto ligande mahali pamoja. Hapo ndipo naftalini tupu inapoganda. Kisha linayeyusha tena, linaongeza gramu 1.20 za salfa, linarudia.

Salfa natumia ya chupa. Ya kupulizia ubwiriunga kwenye mikorosho iko kila duka hapa, ila ile ya kuchanganywa na maji imetiwa vitu vingine. Vitu hivyo unavipima kwenye mizani, lakini haviyeyuki. Vinakaa chini kama tope, havishushi joto, na jibu lako linapanda juu kuliko ukweli.

Saa 4 na nusu kundi la dirishani linaniita: joto limeshuka, halafu limepanda lenyewe! Nawaambia hilo ni la kawaida, kioevu kimechelewa kuganda, kikashtuka. Usisome shimo lile la chini, ukilisoma utadhani joto limeshuka sana, na uzito wa molekuli utatoka mdogo. Mchanganyiko hautulii kabisa kama naftalini tupu, kwa sababu naftalini inavyoganda, salfa inabaki kwenye kioevu kinachozidi kupungua, na joto linaendelea kuteremka. Kwa hiyo chora mchoro, chukua ule mstari wa mteremko wa baada ya shimo, urudishe nyuma mpaka ukutane na mstari wa kupoa. Pale ndipo. Wakaelewa upesi, Mungu awabariki.

Sasa kundi la mlangoni. Vijana hawa walimaliza dakika arobaini kabla ya wenzao, na mimi mtu akimaliza mapema hivyo naingiwa na wasiwasi. Kiongozi wao akaja na karatasi: "Madamu, salfa ni S6."

Nikaomba hesabu. M ni uzito wa moli moja ya salfa kwa gramu: Kf mara gramu za salfa, gawanya kwa nyuzi zilizoshuka mara kilo za naftalini.

M = (6.9 × 1.20) / (2.3 × 0.0200) = 180

Ukigawa kwa 32, ambao ni uzito wa moli moja ya atomi za salfa, unapata 5.6, naye akaikuza kuwa 6. Nikamuuliza hiyo 2.3 imetoka wapi. Mchanganyiko uliganda 77.9, akasema, na naftalini huganda 80.2. Mlipima? "Ipo kitabuni, madamu."

Nikashusha pumzi. Kijana akawa mbishi kwa adabu, jambo linalochosha kuliko ubishi wa kawaida: S6 ipo kweli, alisoma. Nikakubali ipo. Lakini, baba, kitabu hakikuwa na themomita namba 4 mkononi! Namba 4 ninaijua tabia yake, husoma chini karibu nyuzi 0.7. Ukipima zote mbili kwa themomita ileile, kosa lake liko kwenye namba zote mbili, ukitoa linajifuta. Ukichukua namba moja kitabuni na nyingine kwenye themomita yangu, kosa lote linaingia kwenye jibu.

"Kwa hiyo turudie?"

Mrudie. Neli mpya, naftalini ya gololi zilezile za asubuhi. Wenzao wanakwenda kula wali, mimi nimesimama mlangoni na vijana wanne wanaokoroga kwa hasira. 81. 80. 79.6. 79.5. 79.5. 79.5. Nikamwona kiongozi akitazama karatasi yake.

79.5 kutoa 77.9 ni 1.6.

M = (6.9 × 1.20) / (1.6 × 0.0200) = 259

Kwa 32, ni 8.1. Salfa hukaa pete ya atomi nane, S8, ambayo uzito wake halisi ni kama 256. Kama atomi zingekuwa mojamoja, joto lingeshuka karibu nyuzi 13, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu kama hicho. Nikawaonyesha pia kwamba wasijivune sana: themomita ikikosea 0.1 tu, 1.6 inakuwa 1.5, na jibu linaruka hadi 276, karibu atomi 9. Ndiyo maana nakoromea wanaosoma kwa haraka.

Chakula kilikuwa kimekwisha. Nilikula mihogo ya barabarani, sikumbuki saa ngapi.

Halafu kuosha. Naftalini ikiganda kwenye neli haitoki kwa maji wala sabuni, na ukiimwaga ya moto kwenye sinki itaganda bombani. Unaiyeyusha tena, unaimimina kwenye karatasi, yanayobaki unasuuza kwa asetoni mbali na moto. Neli kumi na tatu, moja imepasuka, kichwa kinaniuma kwa ile harufu.

Giza linaingia napanda bodaboda. Dereva ananusa: "Mama, umetoka kufungua sanduku la bibi?" Sikuwa na nguvu za kumweleza. Mkobani nilikuwa na selotepu, maana namba 4 imebanduliwa tena.