Eyafoni zangu zilikuwa zikikatakata ufukweni tu

Nyumbani sauti ya eyafoni zangu za Bluetooth ilikuwa safi kabisa. Naiacha simu mezani sebuleni, naenda jikoni kupika, muziki unaendelea. Lakini Jumamosi asubuhi nikienda Coco Beach kukimbia, simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kaptura, sauti inakatakata kila baada ya hatua chache. Fundi mmoja aliniambia nimeuziwa feki. Nikakaribia kumwamini.

Kilichonizindua ni kitu kidogo. Siku moja nilisimama kufunga kamba za viatu, nikaishika simu mkononi mbele yangu, na sauti ikatulia palepale. Nikairudisha mfukoni, ikaanza tena. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mawimbi hayo humezwa vibaya na maji. Sasa mwili wa mtu ni nini kama si dumu la maji? Nyumbani hilo halionekani, kwa sababu mawimbi hugonga ukuta na dari, yakalizunguka dumu na kufika sikioni kwa njia nyingine. Ufukweni hakuna ukuta. Upande mmoja bahari, juu mbingu, kwa hiyo yanayofika ni hasa yale machache yaliyotambaa kuuzunguka mwili.

Nilihamishia simu kwenye mkanda wa mkononi, mkono wa kulia, upande wa eyafoni iliyoonekana kukatika zaidi. Hali ikawa nafuu, ila haikupona. Ndipo nikaingia kwenye mipangilio ya simu yangu ya Android: unagusa Build number mara saba, menyu ya Developer options inafunguka, na humo kuna Bluetooth Audio Codec. Kodeki ndiyo njia ya kuubana muziki ili upite hewani. SBC ni ile ya lazima, karibu kila eyafoni ya muziki inaielewa. Yangu ilikuwa LDAC, na mimi mwenyewe, kwa tamaa ya sauti nzuri, nilikuwa nimeipandisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Kiwango hicho kinakula sehemu kubwa ya nafasi iliyopo hewani. Kipande kimoja kikipotea inabidi kitumwe tena, na nafasi ya kukirudia inakuwa finyu. Niliishusha hadi 330. Tangu siku hiyo nakimbia hadi mwisho wa ufukwe bila kukatika, na kwa kelele za upepo na mawimbi sijasikia tofauti yoyote ya ubora.

Basi nikajiona bingwa, mpaka mpwa wangu alipoziazima kucheza gemu. "Mjomba, napiga risasi, mlio unakuja adui keshaanguka!"

Huo ulikuwa ugonjwa mwingine. Eyafoni haichezi sauti inapoingia tu. Kwanza inaweka akiba kidogo, ili kipande kikichelewa njiani iwe na cha kucheza. Akiba ikiwa kubwa, sauti haikatiki ila inachelewa. Ikiwa ndogo, inawahi ila inakatika upesi. Huwezi kuvipata vyote viwili.

Nilitaka kujua ni kiasi gani. Nilifungua programu ya piano kwenye simu, nikaweka simu ya pili inirekodi kwa picha 30 kwa sekunde, eyafoni moja ikiwa imegusana na maikrofoni yake. Kila picha ni kama milisekunde 33. Kwa spika ya simu yenyewe, tangu kidole kiguse kibonye hadi mlio, nilihesabu picha 3. Kwa eyafoni, picha 10. Tofauti ni picha 7, yaani karibu milisekunde 230. Nikawasha hali ya gemu ya eyafoni, tofauti ikashuka hadi picha 3, kama milisekunde 100. Mpwa akafurahi. Jioni hiyohiyo nikatoka nazo nikiwa nimesahau kuizima, na kukatakata kukarudi kama zamani, maana akiba ilikuwa imepunguzwa.

Utauliza mbona kwenye YouTube midomo na maneno vinakwenda pamoja. Simu huiambia programu sauti itachelewa kiasi gani, nayo inaichelewesha picha vilevile. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa haijui utabonyeza lini.

Laptopu yangu ya zamani ndiyo ilibaki na kasoro: filamu zote midomo ilitangulia maneno. Kwenye VLC nilibonyeza herufi J, na kila mbonyezo unaiwahisha sauti kwa milisekunde 50. Mara tatu, bado kidogo. Mara nne, mlango kwenye filamu ukafungwa na mlio wake ukasikika papo hapo. Nikihamia spika za laptopu katikati ya filamu inabidi nibonyeze K mara nne kurudisha, na hilo huwa nalisahau mpaka mke wangu alalamike.