Mtetemo wa mke wangu: nilivyoijua simu ya nyumbani bila kuvua glavu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na grili za madirisha, karakana iko Tabata. Kazi yangu ukishavaa helmeti na glavu za ngozi simu huioni wala huisikii, na jirani akiwasha grenda ndo kabisa. Zamani kila simu ikitetemeka mfukoni naacha kazi, navua glavu, naangalia, kumbe mteja anauliza geti lake limefikia wapi. Nikachoka nikawa napuuza zote. Sasa mke wangu alipofika miezi nane ya mimba siku moja akashikwa na maumivu, akapiga mara sita sikushika hata moja. Bahati nzuri uchungu ulikuwa bado, lakini niliporudi usiku sikuongeleshwa mpaka asubuhi, na ni haki yake.

Natumia aifoni ya mtumba. Nilianza na mlio, nikamwekea wake peke yake, siku ya kwanza tu nikaona ni kazi bure, mlio gani utashindana na grenda. Kitu cha kuchezea ni mtetemo. Unafungua jina la mtu kwenye `Contacts`, unagusa `Edit`, halafu `Ringtone`, ndani yake kuna `Vibration` (simu zenye toleo jipya imeandikwa `Haptics`), unashuka mpaka `Create New Vibration`. Hapo kioo kinakuwa kama ngoma, ukidonoa kinadunda kidogo, ukikandamiza kinanguruma mpaka uachie, ukinyamaza na chenyewe kinanyamaza. Ukimaliza unagusa `Stop` kisha `Save` unaupa jina. Wa kwangu niliuita Nyumbani.

Nilikosea mara ya kwanza nikadonoa haraka haraka tata-tata-tata, nikaona nimetengeneza kitu kikali. Nikamwambia mke apige nikiwa nakata skwea paipu. Wapi! Grenda yenyewe inakutetemesha mkono mzima mpaka mbavu, vidonoo vidogo vinamezwa humo humo. Nikarekodi upya, mngurumo mrefu kama wa sekunde mbili, kimya kama sekunde moja, mrefu tena, kimya. Kile kimya ndo siri yenyewe, maana grenda haipumziki hivyo, kwa hiyo mwili unajua hii ni simu na ni ya nani. Na simu nikaihamisha, mfuko wa suruali pana inaning'inia tu hainigusi, nikaiweka mfuko wa shati kifuani chini ya ovaroli.

Humo humo kwenye `Ringtone` kuna swichi ya `Emergency Bypass`, niliwasha. Hiyo inafanya simu ya mtu huyo iite hata ukiwa umeweka sailenti au umezuia usumbufu. Msimwekee kila mtu, mtajuta msibani.

Lakini kilichoniokoa hasa ni kitu kingine. Mke wangu ana laini mbili, na chaji ikiisha anaazima simu kwa mama mwenye nyumba. Mtetemo unafuata jina, kwa hiyo akipiga kwa namba nyingine inatetemeka kama ya mteja yeyote. Basi nikakusanya namba zote nne, zake mbili, ya mama mwenye nyumba na ya shemeji, nikaziweka kwenye jina moja tu, Nyumbani, na yale majina ya zamani nikayafuta ili namba isikae sehemu mbili. Nikamwambia pia asipige kwa wasapu, apige kawaida, maana wasapu ina mipangilio yake ya milio.

Dogo wangu wa kazi ana androidi akataka na yeye, hakuona sehemu ya mlio kwa jina la mama yake. Kumbe jina lilikuwa limehifadhiwa kwenye laini, na laini inabeba jina na namba tu. Tukalihamishia kwenye simu, sehemu ya mlio ikaja. Mtetemo wa kila mtu simu yake haina, akaishia kumwekea mama yake `Long` ndani ya wasapu kwa ajili ya meseji.

Siku yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi, niko chini ya geti nachomelea bawaba, kifua kikanguruma, kikanyamaza, kikanguruma. Sikuangalia namba, nilitupa koleo nikavua helmeti nikapokea, ilikuwa sauti ya mama mwenye nyumba: "Baba, njoo na bajaji kabisa, chupa imepasuka."

Mtoto ana miezi mitano sasa. Shida iliyobaki ni kwamba mke akipiga kuniambia nipitie nyanya, moyo unaruka vile vile, juzi nimeunguza vidole kwa ajili ya nyanya. Nimeitoa namba yake ya kawaida nikaipa jina lake mwenyewe na mtetemo mfupi, Nyumbani zimebaki tatu.