Urdi ao dale plene? Nilivyofanya kwa nyumba yangu ya Keshero

Wakati nafikia kumwanga dale ya nyumba yangu hapa Goma, kila mtu alikuwa na neno lake. Fundi wangu alitaka dale plene, beto tupu toka ukuta mpaka ukuta, shemeji yangu naye ananiambia weka urdi, yale matofali yenye matundu yanayopangwa ndani ya dale, ni nyepesi, utakula simenti kidogo. Mi nilikuwa na vyumba viwili chini, sebule ya metre 4 kwa 5, na kadusi kadogo ka metre 2 pembeni ya ngazi, basi nikakaa na enjenyeri mmoja jioni tukapiga hesabu kwa kikaratasi.

Hesabu ya sebule njo hii. Ni metre karé 20. Dale plene kwa upana huo ingetaka kama sentimetre 13, ni kusema kubi 2,6 za beto, na kwa saki 7 kila kubi inafika saki 18. Ya urdi tulichukua 16+4: urdi ya kimo cha sentimetre 16, halafu beto ya 4 juu yake. Urdi zetu ni za 40 kwa 20, kati ya mstari na mstari kunabaki nafasi ya 12, hapo njo ubavu wa beto unapita, kwa hiyo toka ubavu mpaka ubavu ni 52. Beto inashuka mpaka kubi 1,5 hivi, na ukiongeza kando zote penye tulimwanga tupu karibu na ukuta inafika 2. Ni saki 14. Saki 4 zimeokoka, lakini urdi karibu 180 zinanunuliwa pia, basi msifikiri faida yote iko kwa simenti. Faida yangu ilikuwa mbao! Dale plene inataka kofraje ya kufunika chini yote, hii ya urdi mbao zinapita chini ya mbavu tu, urdi zenyewe zinalala kwenye kingo za mbao.

Na ule uzito shemeji aliniimbia? Urdi zetu za simenti na changarawe ya volkano zilikuwa na kilo kama 13 moja. Tukajumlisha, tukapata kilo 320 hivi kwa metre karé, na dale plene ya 13 ina 325. Yaani sawasawa! Wepesi unauona ukilinganisha na plene ya 20 yenye kilo 500, ila kwa chumba kidogo nani anamwanga 20?

Mbavu zinalala upande mfupi, ule wa metre 4. Kila ubavu feri mbili za milimetre 12 chini, moja ya 10 juu, na vikadre vya 6 kila sentimetre 20. Juu ya urdi wavu wa feri ya 6. Fundi alitaka kuuacha ule wavu, eti "papa, beto ya 4 inajishika yenyewe", nikakataa, juu hiyo 4 njo inaunganisha mbavu zote zifanye kazi pamoja, bila wavu inapasuka na mzigo unabaki kwa ubavu mmoja. Na fasi penye ukuta mdogo wa chumba cha juu ulikuwa unakuja kusimama sambamba na mbavu, tuliweka mbavu mbili pamoja, si urdi chini yake.

Kwa kadusi na mwisho wa ngazi nikamwanga plene, juu ya maji na mabomba: kutoboa urdi baadaye ni kujitafutia balaa, maji yanaingia kwenye matundu yake, yanatembea halafu yanatoka mbali na penye bomba linavuja.

Siku ya kumwanga tulilowesha urdi zote asubuhi, juu kavu inanyonya maji ya beto. Tuliziba pia matundu ya urdi za mwisho wa mistari kwa karatasi za saki, kama hauzibi beto inakimbilia ndani na ile hesabu ya kubi 2 unaisahau. Hata hivyo bruweti moja ilipita juu ya urdi bila ubao, urdi ikavunjika kama biskuti, kijana mguu ukaingia mpaka goti. Tuliitoa, tukaweka ingine, toka hapo kila bruweti na mbao zake.

Miti ya kushikilia niliiacha siku 28, jirani akanicheka. Sasa plafoni ya sebule iko sawa lakini kwenye krepi mistari myembamba inaonekana kila sentimetre 52, juu urdi na beto havikauki sawa. Kwa kadusi hakuna hata mstari mmoja.