Hatari inaishia Kigoma, nauli inafika Bujumbura

Mwaka 2021 nilikuwa karani wa mauzo kwenye kampuni ndogo mjini Kigoma iliyonunua chumvi Uvinza na kuiuza ng'ambo ya ziwa. Mwenye kampuni alikuwa mama mmoja mtu mzima, na sote tulimwita Mama. Wateja wetu wa Bujumbura walizoea kuagiza kwa simu, wakati mwingine kwa neno tu. Yule mfanyabiashara mpya alikuwa wa aina nyingine. Alituma agizo la maandishi la tani 40, yaani mifuko 800 ya kilo 50, kwa bei ya jumla ya dola 9,000, na chini yake akaandika: "CIF Bujumbura. Hatari yote ni ya muuzaji hadi ghala langu."

Mama alifurahi, maana ulikuwa mzigo mkubwa. Akaniambia, "Mwanangu, mjibu tumekubali, meli inapakia wiki ijayo." Nikamwomba anisikilize kwanza. Sentensi zile mbili zilikuwa zinapingana, na chumvi ikilowa katikati ya ziwa, kila upande ungeshika sentensi inayomfaa.

Katika CIF, mojawapo ya masharti ya kimataifa ya mauzo yaitwayo Incoterms, muuzaji hulipa nauli ya meli na bima hadi bandari iliyotajwa, na kwetu hiyo ilikuwa Bujumbura. Lakini hatari humhamia mnunuzi mapema zaidi: mzigo ukishapakiwa melini katika bandari ya kuondokea, yaani Kigoma. Gharama zinaishia bandari moja, hatari inaishia nyingine. Watu wengi hudhani anayelipia safari ndiye mwenye hasara ya njiani, na sishangai, kwa sababu ukimlipia mtu gari, kawaida unamsindikiza hadi mlangoni. CIF haifanyi hivyo. Mfuko ukianguka gatini kabla haujaingia melini, hasara ni yetu. Ukiharibika ukiwa tayari ndani ya meli, hasara ni ya mnunuzi, hata kama nauli tumelipa sisi, na bei yetu anapaswa kulipa yote.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo mteja atakubali kulipia chumvi iliyoyeyuka?" Nikamjibu kwamba bima ipo kwa ajili hiyo. Tunainunua sisi, lakini anayedai fidia ni yeye. Ndiyo maana hati ya bima hutumwa kwake pamoja na ankara na hati ya shehena. Hapo akasema niandike, lakini niandike kwa adabu, mteja asidhani tunamkimbia.

Barua pepe ile niliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye mwenyewe alituandikia kwa Kiswahili. Sehemu yake kuu ilikuwa hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Tunashukuru kwa agizo lako. Kabla ya kupakia, naomba tuelewane juu ya masharti ya CIF Bujumbura kwa kufuata Incoterms 2020. Sisi tutalipa kuleta mzigo bandarini Kigoma, ushuru na taratibu za forodha za kutoka Tanzania, kupakia, nauli ya meli hadi Bujumbura, na bima. Wewe utalipa kushusha mzigo Bujumbura, isipokuwa kama nauli ya mwenye meli imejumuisha kushusha, pamoja na taratibu za forodha za kuingia Burundi na usafiri hadi ghalani kwako. Hatari ya kupotea au kuharibika inakuhamia mfuko ukishakuwa ndani ya meli Kigoma. Kwa hiyo tunaomba sentensi ya pili ya agizo lako iondolewe. Kama unapendelea tubebe hatari hadi Bujumbura, tutakupa bei nyingine ya DAP, ambayo ni kubwa zaidi, na kwa masharti hayo hatuwajibiki kukukatia bima."

Ningeweza kuishia hapo, na pengine ningeonekana nimemaliza kazi. Lakini sehemu ya bima ndiyo iliyonikosesha usingizi. CIF humtaka muuzaji anunue bima ya kiwango cha chini kabisa, ile inayoitwa daraja C, kwa asilimia 110 ya bei, yaani dola 9,900 kwa mzigo ule. Daraja C hulipa meli ikizama, ikipinduka, ikikwama, ikigongana au ikishika moto. Mawimbi yakirusha maji hadi ndani ya ngama, yaani tumbo la meli linalobeba mizigo, na meli ikafika salama, hailipi. Daraja B ndiyo yenye kutaja maji ya bahari, ziwa au mto yakiingia chomboni. Kwa mtu wa mbao tofauti hiyo si kubwa. Kwa mtu wa chumvi ni kila kitu, hasa miezi ya kiangazi, pepo za kusini-mashariki zinapolichafua ziwa.

Nikaongeza: "Mzee, bima tunayolazimika kununua ni daraja C, na haitakulinda na maji ya ziwa yakiingia ngamani. Nakushauri uombe daraja B. Tofauti ya ada ni juu yako. Tutakuonyesha barua ya kampuni ya bima yenye bei zote mbili. Hata daraja B haitaji mvua, kwa hiyo sisi tutahakikisha mifuko inafunikwa turubai ikingoja gatini, wakati bado ni yetu."

Alipiga simu siku iliyofuata. "Dada, wewe unauza chumvi au unauza bima?" Sauti yake ilikuwa ya upole. Aliuliza jambo moja tu: atajuaje kama mfuko ulilowa kabla au baada ya kupakiwa? Lilikuwa swali zuri kuliko yote. Nikamweleza kwamba tutahesabu pamoja na karani wa meli mfuko kwa mfuko, na wenye doa au mchaniko hatutaupakia. Nahodha akitoa hati ya shehena isiyo na dosari iliyoandikwa juu yake, hiyo ni ushahidi kwamba mzigo ulionekana mzima ulipoingia melini. Akataka pia awepo mtu wake wa Kigoma wakati wa kupakia. Mama akakubali papo hapo. Jioni ile agizo likarudi likiwa limesahihishwa: "CIF Bujumbura, Incoterms 2020, bima daraja B."

Siku ya kupakia, mifuko miwili ilichanika kwenye mabega ya wapagazi ikiwa bado gatini. Tukaibadilisha kwa gharama yetu, na yule mtu wake akaona. Meli ikaondoka.

Bujumbura, safu ya chini kabisa ya ngama ilikutwa imelowa, mifuko thelathini na kitu, huku ya juu ikiwa mikavu. Mvua hulowesha kutoka juu. Maji ya ngamani hupanda kutoka chini. Mnunuzi hakugusa kitu hadi mkaguzi wa bima alipofika, akapiga picha na kuchukua taarifa ya nahodha kuhusu mawimbi ya usiku ule. Sisi alitulipa dola 9,000 zote kama ankara ilivyosema, na akapeleka dai lake kwa kampuni ya bima, ambayo ilimlipa baada ya majuma kadhaa ya kuandikiana. Tulichofanya sisi ni kumtumia nakala ya karatasi ya kuhesabia na hati ya shehena alizoambatisha kwenye dai.

Agizo lake lililofuata lilikuwa na masharti yale yale, na ombi jipya: safu ya chini iwekwe juu ya mbao. Mama akazinunua mbao hizo mwenyewe.