Kupanga video za Ramadhani

Shaaban hii tumeshaanza kurekodi video za Ramadhani, dakika moja moja, kila siku na mada yake. Mada tunazo tele, kazi iko kwenye kuzipangia siku. Mwezi 17 ni Vita vya Badri, mwezi 20 Ufunguzi wa Makka, hapo hatukubishana. Kumi la mwisho ndilo lililotukalisha hadi usiku. Siku ya Kiislamu huanza Magharibi, kwa hiyo usiku wa 27 unaingia jua la mfungo wa 26 likizama. Video yake lazima itoke alasiri ya 26, kabla watu hawajaingia jikoni kukuna nazi za futari. Ukiirusha mchana wa 27, usiku wenyewe umeshapita!

Zakatul-fitri wengi huiweka siku ya mwisho kabisa. Sisi tumeileta 25, mtu apate nafasi ya kununua mchele wake na kumfikishia mwenye haki kabla ya swala ya Idi.

Halafu kuna video ya 30. Mwezi ukiandama jioni ya 29, haina siku. Hiyo tumeipa kaimati za dada yangu. Isipotoka, tutairusha kwenye sita za Shawali.