Kumbukumbu ya mradi: saa moja iliyopotea kati ya Mbeya, Berlin na Toronto

Hatimaye imekubali. Kipanga mikutano changu sasa kinaonyesha saa za kazi zinazokutana bila kudanganya, na siku zote zilizopotea zilitokana na mstari mmoja.

Tuko watatu: mimi Mbeya, mwenzangu Berlin, dada mmoja Toronto. Kila mtu anafanya kazi saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwake. Mwishoni mwa Februari nilikiuliza kipanga kuhusu Jumanne, tarehe 10 Machi 2026. Kikajibu hakuna saa ya pamoja: ninapofunga kazi saa 11 jioni, Toronto ndiyo kwanza wanaanza saa 3 asubuhi. Basi nikajitolea kubaki. Tukaandikiana: Mbeya saa 11 jioni, Berlin saa 9 alasiri, Toronto saa 3 asubuhi.

Siku ilipofika, saa 10 jioni nilikuwa sokoni Mwanjelwa nachagua viazi, simu ikatetema. Dada wa Toronto: "Kaka, niko peke yangu hapa, vipi?" Kwake ilikuwa saa 3 kamili asubuhi, kama nilivyomwandikia. Iliniuma, maana ameamka na mtoto mdogo akawahi kwa ajili yetu.

Nilishuku kwanza kipande kinachogeuza saa kuwa za Kiswahili. Siku mbili nzima nilikuwa hapo. Kanuni yake ni `(h + 6) % 12`, sifuri ikisomeka 12. Nikaijaribu kwa saa zote 24, iko sawa. Ningepaswa kuona mapema: kosa la hapo lingekuwa la saa sita, langu lilikuwa la saa moja.

Kosa lilikuwa hapa: nilikuwa nachukua tofauti ya saa ya kila mji kwa `datetime.now()`, yaani tofauti ya leo, kisha naibandika kwenye tarehe ya mbele. Sisi Tanzania hatusogezi saa, kwa hiyo ukijaribu na Mbeya peke yake huoni kitu. Lakini Toronto walisogeza saa mbele tarehe 8 Machi, Jumapili ya pili ya mwezi. Berlin wanasubiri Jumapili ya mwisho, yaani tarehe 29. Katikati kuna wiki tatu ambazo mmoja amesogea na mwingine bado, na mkutano wetu uliangukia humo humo.

Dawa yake ni kuanza na tarehe yenyewe na jina la eneo, kisha ndipo uende UTC:

```python
def dirisha(siku, eneo):
    z = ZoneInfo(eneo)
    a = datetime.combine(siku, time(9), z)
    b = datetime.combine(siku, time(17), z)
    return a.astimezone(UTC), b.astimezone(UTC)
```

Baada ya hapo unachukua mwanzo uliochelewa kuliko yote na mwisho uliowahi kuliko yote. Linganisha kwa `<`, si `<=`. Kabla ya tarehe 8 Machi, mwanzo wa Toronto na mwisho wa Mbeya vyote ni 14:00 UTC, na `<=` ingekupa kikao cha dakika sifuri.

Kama bado unatumia `pytz`, ihame. Ukiipachika kwenye `tzinfo=` moja kwa moja, Berlin inakuja na tofauti ya dakika 53, saa ya jua ya zamani. `zoneinfo` haina tatizo hilo, ila kwenye Windows sakinisha na `tzdata`.

Nilikusudia sasa kupaka rangi mistari ya saa na kuongeza mtu wa nne. Nimeviacha, kwa sababu nilipata wazo lililonikaa zaidi: kuipitisha `dirisha` kwenye siku zote za mwaka na kuchapa zile tu ambazo jibu linabadilika. Kwa 2026 zimetoka tarehe nne. Tarehe 8 Machi dirisha linafunguka, saa 10 hadi saa 11 jioni za Mbeya, ambapo Berlin ni saa 8 hadi saa 9 mchana. Tarehe 29 Machi kwetu halisogei, ila Berlin linakuwa saa 9 hadi saa 10. Tarehe 25 Oktoba Berlin wanarudi nyuma. Tarehe 1 Novemba Toronto nao wanarudi, na dirisha linafungwa kabisa.

Kumbe ile tarehe 10 Machi saa ya pamoja ilikuwepo, ile ile niliyokuwa sokoni!

Orodha nimewatumia wote wawili. Jumanne saa 10 jioni imekubaliwa, hadi tarehe 27 Oktoba. Kuanzia tarehe 3 Novemba nitabaki kazini hadi saa 12, na mwenzangu wa Berlin amesema mkutano wa kwanza wa kila mwezi tumwachie dada wa Toronto auweke anapotaka yeye.